Mguu Mkavu wa Mama Mabango

Mama Mabango alikuwa na ulimi ambao siku moja ulimuuzia mwenye upara kitana, na baada ya wiki yule bwana akarudi kununua cha akiba. Hili si la kuapia, wala si la kubisha. Kitana chenyewe kipo, na upara wenyewe upo.

Kazi yake ilikuwa kuwafanyia watu matangazo. Alitunga maneno, akatafuta sura, akasimamia picha, kisha akabeba ndoo ya gundi mwenyewe kwenda kubandika, maana alisema bango likibandikwa na mtu asiyelipenda huning'inia kama sikio la mbwa mgonjwa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi za nyumba. Mteja akipanda zile ngazi alifika juu akinukia kama mlango mpya.

Alijipenda, tusimsingizie. Viatu vyake vilipigwa kiwi hata mwanaume angeweza kunyoa ndevu kwa kuvitazama. Miguu aliipaka mafuta mpaka nzi akitua anateleza, anainuka, anatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Lakini mwanamke huyu aliyejua kila ukuta wa mji alikuwa na ukuta mmoja asioweza kuutazama. Ulikuwa ukuta wa ubavuni mwa saluni, njia ya kwenda sokoni. Akiukaribia, alivuka barabara. Gari lije, pikipiki ije, mvua inyeshe, yeye alivuka. Mwenye saluni alidhani wana ugomvi, akawa anajiuliza alimkosea nini.

Ukutani pale palikuwa na bango alilolibandika kwa mikono yake miaka mitano nyuma. Jua lilikuwa limelamba wekundu wote na umanjano wote, ikabaki samawati tupu, hata msichana aliyekuwa kwenye picha akawa kama mtu aliyechelewa kutolewa mtoni. Maneno lakini yalisomeka bado: "Nuru yako imejificha. Itoe."

Msichana mwenyewe alikuwa binti wa dada yake mkubwa.

Binti huyo walimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kuongea kabla hajaota meno na hakupumzika mpaka alipofika miaka kumi na tisa. Mwaka huo wa kumi na tisa ndipo kampuni moja ya krimu, ambayo baadaye ilifunga milango na wenyewe wakatoweka kama moshi wa kuni mbichi, ilipomwendea Mama Mabango. Walitaka msichana mzuri, picha mbili: kabla na baada.

Chiriku alikuwa mzuri, tena mweusi wa kukoza, yule mweusi ambaye jua likimwona linasogea lipate kivuli. Mama Mabango akamketisha kwenye kiti. Picha ya kwanza alipigwa bila mafuta, taa ikimmulika kutoka juu, akaambiwa, "Nuna kidogo, kama mtu aliyekanyagwa." Picha ya pili alipakwa poda, akasogezwa dirishani, kitambaa cheupe kikashikwa chini ya kidevu kirudishe mwanga, akaambiwa, "Sasa cheka." Kati ya picha ya kabla na picha ya baada zilipita dakika ishirini. Krimu yenyewe ilikuwa bado kwenye boksi, haijafunguliwa.

Kisha Fundi Picha akaiweka ile ya pili kwenye kompyuta. Huyu alikuwa bwana mmoja mpole, aliyezoea kutii.

"Ongeza mwanga kidogo," alisema Mama Mabango.

Akaongeza.

"Kidogo tena. Wenyewe wanataka iruke, impige mtu machoni."

Akaongeza.

"Kidogo cha mwisho."

Vidogo vitatu. Sufuria hujazwa kwa vijiko, na uso wa mtoto wa watu ukaondolewa kwa vidogo vitatu.

Hilo lingekuwa kosa la kawaida, kosa la kazi, ambalo mtu hulitubia kwa kusema "ndivyo biashara ilivyo" na kulala usingizi. Lililomnyima raha Mama Mabango lilikuja baadaye. Bango lilipotoka, Chiriku alisimama mbele yake kama aliyekutana na ndugu asiyemjua. Akaenda mbio hadi ofisini, ngazi mbilimbili.

"Mama mdogo, hivi ndivyo nilivyo?"

Mama Mabango alikuwa na mteja mezani. Aliona haya. Angesema nini mbele ya mteja, kwamba picha zake zinapikwa? Akacheka, akamwambia, "Ndivyo ulivyo, mwanangu. Kamera haidanganyi."

Maneno matano. Alikuwa ameandika maelfu katika maisha yake, na yote aliyasahau isipokuwa hayo.

Kwa sababu watu walianza. Chiriku akipita sokoni, "Ee, bango! Mbona kule u mweupe, huku umekuwaje?" Mwingine, "Umeungulia wapi, mama?" Naye, akiamini kamera haidanganyi, akaamua kwamba rangi ya bangoni ndiyo yake, ila imemtoroka, na akaanza kuifuatilia. Alianza na ile krimu ya bangoni. Ilipotoweka madukani akaingia kwenye zile zinazouzwa chini ya meza, makopo yasiyo na lebo. Msichana alikuwa anakimbiza picha yake mwenyewe, na picha haichoki.

Mwaka wa tatu mashavu yakaota madoa ya kijivu, vifundo vya vidole vikawa vyeusi kuliko vidole. Ngozi ikawa nyembamba, akikwaruzwa na sindano inachukua wiki mbili kupona. Naye Chiriku akanyamaza. Mtu aliyeongea tangu utotoni akawa anajibu kwa kichwa.

Mama Mabango alijua. Dada yake alimwambia, na hakumlaumu, kwa kuwa hakujua la kulaumu. "Vijana wa siku hizi," alisema dada, "sijui nani huwatia maneno." Mama Mabango siku hiyo aliomba maji mara nne.

Sasa, katika mji huo kulikuwa na Mfamasia mmoja mzee aliyestaafu, mwenye miwani minene iliyomfanya aonekane anashangaa hata akiwa amelala. Alifungua kiwanda kidogo cha losheni: vyumba viwili, mapipa, mashine ya kukorogea, mizani, na watu kumi na mmoja waliovaa kofia za plastiki kama mikate iliyofunikwa. Akapanda ngazi za duka la rangi na chupa moja mkononi.

"Inafanya nini?" aliuliza Mama Mabango.

"Inalainisha ngozi kavu."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

Mama Mabango akaweka kalamu chini. "Daktari, umekuja kunitania?"

"Mimi si daktari. Sikiliza. Glisirini inashika maji kwenye ngozi, mafuta na nta vinayazuia yasitoroke. Ndiyo maana mtu ajipake akitoka kuoga, mwili ukiwa bado una unyevu. Ni kifuniko cha sufuria, basi. Na kifuniko hakigeuzi maharage kuwa wali."

Mama Mabango akatunga. Aliandika "Ngozi angavu." Mzee akachukua kalamu akakata.

"Angavu kuliko nini? Kila mtu anajua hilo neno linakonyeza wapi."

Akaandika "Ngozi safi."

"Kwani kabla ya losheni yangu walikuwa wachafu?"

"Rudisha uzuri wako."

"Umekwenda wapi huo uzuri?"

"Matokeo ndani ya siku saba!"

"Nani amehesabu?"

"Mzee wangu, sasa unataka niuze chupa tupu?"

"Nataka uuze kilichomo," alisema Mfamasia. Kisha akashusha sauti, maana naye alikuwa na hofu zake. "Wenye maduka ya jumla wananiambia losheni bila sura nyeupe haiondoki rafuni. Wamenipa mwezi mmoja. Nikishindwa hawachukui tena. Mimi sura nyeupe ya uongo sitaki. Lakini nasikia uliwahi kuwa na msichana fulani ambaye watu hawakuweza kupita bila kumtazama. Mpige picha huyo. Alivyo, bila kumgusa."

Alivyo. Neno liliingia kwa Mama Mabango kama mwiba wa samaki, likakaa kooni, wala halishuki kwa maji wala kwa tonge.

Kesho yake alikwenda kwa Chiriku. Binti alikuwa na kibanda cha kushona nguo, cherehani moja, pasi moja, na joto la kuivisha mkate. Hata hivyo alivaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo hadi viganjani. Mama Mabango aliketi juu ya bunda la vitambaa, akasifu pindo, akasifu uzi, akasifu hata mkasi. Mtu mwenye dhambi husifu sana.

"Sema lililokuleta, Mama mdogo."

"Kuna mzee mmoja ana losheni. Anataka picha. Picha ya kweli. Nikasema, kwa nini nisikuulize..."

Chiriku akasimamisha cherehani. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu uso wake ukachangamka, na hilo ndilo lililomuumiza mgeni kuliko yote.

"Ngoja kidogo," alisema Chiriku. "Nipe miezi miwili."

"Ya nini?"

Binti akatazama mlangoni, akafungua droo ya cherehani. Chini ya vifungo na vijiti vya uzi palikuwa na kopo dogo lisilo na lebo.

"Daktari wa ngozi aliniambia lina dawa kali, niliache polepole kwa kufuata atakavyonielekeza, si kwa ghafla. Nikaacha. Ngozi ikaanza kurudi nyeusi. Nikajiambia, hapana, nimeshafika mbali. Sitaki rangi ya mtu, Mama mdogo. Nataka yangu tu. Ile niliyokuwa nayo kwenye bango. Wewe mwenyewe uliiona."

Mama Mabango alifungua kinywa. Ule ulimi uliomuuzia kipara kitana ulilala kama ulimi wa kiatu. Alisema ana mgeni ofisini. Alitoka akisahau mkoba, akaurudia, akatoka akisahau mwavuli, akauacha.

Njiani hakuvuka barabara. Alisimama mbele ya saluni akamtazama yule msichana wa samawati, na watu waliomwona wanasema alisimama mpaka mwenye saluni akatoka kumletea kiti, akidhani ni mteja anayesita.

Nyumbani alikuwa na mkebe wa biskuti wenye sindano, vifungo na kadi ndogo ya kamera iliyofungwa kwenye kitambaa. Kwa miaka mitano aliihamisha: mara kabatini, mara chini ya godoro, mara ndani ya mtungi wa mchele. Kuitupa alishindwa, kuitoa alishindwa. Siku hiyo aliichukua, akamchukua na Fundi Picha pamoja na kompyuta yake, wakarudi kwenye kibanda.

"Mimi nije wa nini?" aliuliza Fundi Picha njiani.

"Ushuhudie. Nikibaki peke yangu na maneno, nitayapamba."

Wakaiweka kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Picha ikafunguka. Msichana wa miaka kumi na tisa, dirishani, poda kidogo, anacheka. Mweusi wa kukoza.

"Huyu nani?" aliuliza Chiriku.

"Ni wewe. Hii ndiyo picha ya bango, kabla sijaitia mkono."

Chiriku akainama karibu na kioo cha kompyuta. Mama Mabango akaendelea haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Ile rangi hukuwahi kuwa nayo, mwanangu. Siku hiyo wala siku nyingine. Ni dirisha, na kitambaa cheupe, na poda, na huyu hapa na kompyuta yake, na ni mimi niliyemwambia aongeze. Krimu hukupakwa hata tone. Uliponiuliza nilikuwa na mteja, nikaona haya, nikakudanganya."

"Mara tatu," alisema Fundi Picha kwa upole. "Aliniambia niongeze mara tatu. Nami nikaongeza."

Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya kitambaa, ikaanza kunuka. Chiriku ndiye aliyeiondoa. Ikabaki alama ya kahawia juu ya sketi ya mteja. Aliitazama alama ile muda mrefu.

"Kwa hiyo nilikuwa natafuta nini?" alisema. "Miaka yote hii, nilikuwa natafuta nini?"

Mama Mabango akapiga magoti.

"Inuka," alisema Chiriku. "Usinipigie magoti, wateja wanapita, watadhani ninakudai nguo. Inuka! Unajua kilichoniuma? Si picha. Picha za matangazo nani asiyejua. Nilikuja nikakuuliza wewe. Sikumuuliza mtu mwingine mji mzima, nilikuuliza wewe, Mama mdogo."

Basi akalia, na Mama Mabango hakuthubutu kumgusa. Fundi Picha alitoka nje kwenda kutazama mawingu, na mawingu siku hiyo hayakuwepo.

Chiriku alipomaliza alijifuta kwa kipande cha bitana. Akalitoa kopo kwenye droo, akalitia mkobani. Mama Mabango akanyoosha mkono kulipokea.

"Sikupi wewe. Nalipeleka kwa daktari mwenyewe, alione, aniambie naachaje." Akafunga mkoba. "Na huyo mzee wa losheni, yake inafanya nini?"

"Inalainisha ngozi kavu."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Mna uhakika hata wa hilo?"

Siku mbili baadaye Chiriku alikwenda kiwandani, Mama Mabango akimfuata nyuma kama mbuzi wa mkopo. Mfamasia alifurahi kuulizwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaeleza jinsi mtu anavyoweza kujaribu: unatafuta watu wenye ukavu kweli, unawapaka kidogo ndani ya mkono kwanza uone kama watawashwa, kisha kila mmoja anapaka mguu mmoja siku kumi na nne na mwingine anauacha. Mguu gani, sarafu inaamua, ili mtu asichague ule ulio mbaya.

"Mguu mmoja," alirudia Chiriku, na macho yake yakaenda taratibu kwenye viatu vya Mama Mabango, yakapanda hadi kwenye ile miguu ya kuteleza nzi.

"La hasha," alisema Mama Mabango.

"Sura umeniomba mimi. Mimi nakuomba miguu yako. Wewe ndiye utakuwa kwenye bango. Picha moja, miguu yote miwili, mwanga mmoja, wakati mmoja, bila poda, bila kompyuta. Na nitakuwepo."

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu..."

"Hata mimi nilikuwa na uso wangu."

Likaisha hapo.

Walipatikana watu ishirini na wanne, Mama Mabango akiwa mmoja wao: wafua nguo, waashi waliokaa kwenye saruji, walimu wenye chaki, mwuza mkaa, mweusi, maji ya kunde, mweupe wa kuzaliwa, kila mtu na ngozi yake. Sarafu ikarushwa. Ya Mama Mabango ilisema mguu wa kulia upakwe, wa kushoto usiguswe na chochote.

Siku ya tatu mguu wa kushoto ulipauka. Siku ya sita ulikuwa kama umetembea ndani ya unga. Siku ya tisa, wanasema, mtoto wa jirani aliandika juu yake hesabu za kujumlisha kwa ukucha, na zikasomeka. Aliposhuka ngazi mwenye duka la rangi alimwita, "Mama, nikuuzie debe la upande wa pili?" Sokoni walimpigia vigelegele: "Mama Mabango! Hako kamguu umekaazima wapi?"

Zamani angewajibu wakatamani kuhama. Safari hii aliendelea na njia yake. Kila walipomcheka aliwaza: hivi ndivyo walivyomwambia yule mtoto, "umeungulia wapi," na yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuwa na mguu wa pili wa kuonyesha kwamba ni mchezo. Alikuwa akifika nyumbani anaketi ukingoni mwa kitanda, chupa ya mafuta i mezani, hakuna anayemwona. Mara moja alidondosha tone kwenye kidole. Alilitazama, akalifuta kwenye mguu wa kulia.

Siku ya kumi na nne watu ishirini na wanne walirudi kiwandani, kila mmoja akaulizwa peke yake. Ishirini na mmoja walisema mguu uliopakwa umepungua ukavu. Watatu, mmoja wao mwashi, walisema hawaoni tofauti.

"Ishirini na mmoja! Hilo ni bango," alisema Mama Mabango, kalamu ikiwasha mkononi. "Imethibitishwa na wataalamu!"

"Mtaalamu gani?" Mfamasia akamkazia miwani. "Kila mtu alijua mguu gani kaupaka, macho huona yanachokitarajia. Sema watu walisema. Usiseme sayansi imesema."

"Basi. Watu ishirini na mmoja walisema."

"Na wale watatu?" aliuliza Chiriku.

Mama Mabango akacheka kidogo. "Wale watatu tunawaacha wakapumzike."

Chiriku hakucheka. Mama Mabango akamwangalia, akaikumbuka ile sauti yake mwenyewe ikisema kidogo, kidogo tena, kidogo cha mwisho. Akaandika watatu.

Picha ikapigwa asubuhi, dirishani, miguu miwili juu ya sakafu ya saruji. Fundi Picha akaifungua kwenye kompyuta, Chiriku akiwa ameketi nyuma ya bega lake kama askari wa lindo. Mama Mabango akachungulia. Goti lake, Mungu wangu, goti lilikuwa na mikunjo kama uso wa kobe aliyefiwa.

"Hilo goti," alinong'ona, "hebu lilainishe kid..."

Wote wawili wakageuka kumtazama. Goti likabaki la kobe.

Bango likatoka hivi: miguu miwili ya mwanamke mtu mzima, mmoja umelainika, mmoja umepauka, yote miwili rangi ileile. Chini yake: "Mguu wa kulia umepakwa siku kumi na nne. Rangi haikubadilika, na haitabadilika. Watu 24 walijaribu: 21 walisema ukavu umepungua, 3 hawakuona tofauti. Jipake ukitoka kuoga. Haitibu madoa wala ugonjwa wa ngozi. Kwa hayo, nenda hospitali."

Wenye maduka waliposoma walishika vichwa. "Mzee umejiroga! Nani anatangaza walioshindwa?"

Ila waliwasahau watu walivyo. Mji mzima ulianza kubishana juu ya wale watatu. Ni nani? Mwashi akajitokeza akajisifu kwamba yeye ni mmoja wao, ngozi yake haihongeki. Mkewe akanunua chupa ampake mwenyewe kwa nguvu, apate kumuumbua. Wafua nguo wakanunua wajue wao wako kundi gani. Watu walisimama mbele ya bango wakainua suruali na sketi kulinganisha mguu na mguu, na kwa siku kadhaa mwenye kibanda cha kahawa alidai kwamba kila mteja wake aliingia akiwa na mguu mmoja unang'aa. Hayo ya kila mteja ni ya kwake. La kweli ni kwamba mwezi haukuisha kabla wenye maduka hawajaagiza tena. Hawakuagiza lori zima, ila waliagiza. Na mwanamke mmoja mweusi, mwuza mkaa, alimwambia Mfamasia, "Hili ni tangazo la kwanza la mafuta ambalo halikuniambia nina tatizo."

Mama Mabango alisikia hayo, na hayakumshibisha. Alichukua ndoo ya maji ya moto na kisu kipana akaenda kwenye ukuta wa saluni. Alibandua lile bango la samawati kipande kwa kipande, kuanzia maneno, uso akauacha mwisho. Chini yake ukuta ulikuwa mpya kabisa, haujaguswa na jua, mraba mzima. Mwenye saluni akamuuliza kama wamepatana. Akasema, "Bado."

Ilikuwa kweli. Chiriku alikuwa anakwenda hospitali kila mwezi na kopo hakulirudia. Daktari alimwambia madoa mengine yatafifia polepole na mengine huenda yasitoke. Lile neno huenda Mama Mabango alilibeba kila mahali. Matangazo yote ya ofisini sasa yalipita mikononi mwa Chiriku kabla hayajachapwa. Aliyakagua na picha ya asili pembeni, akitumia kalamu nyekundu, na maneno machache. Alimwita "Mama mdogo" akiwa na watu. Wakiwa wawili hakumwita kitu.

Alasiri moja alipanda ngazi akiwa amekunja mikono ya blauzi hadi kwenye viwiko, vifundo vyake vyeusi hadharani, madoa yake mashavuni. Akaketi kwenye kile kiti.

"Nipige picha," alisema. "Si ya bango. Yangu."

Mama Mabango alifungua dirisha. Hakushika kitambaa cheupe, hakutafuta poda. Aliishika kamera kama anayebeba yai la mtu mwingine. Fundi Picha akaichapa bila kuigusa, akaiweka mezani, wino ukiwa bado na unyevu.

Chiriku aliitazama.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

Maneno mazuri yalimjia Mama Mabango mengi, yakajipanga mlangoni mwa kinywa, kila moja na nguo zake mpya. Akayafukuza.

"Ndivyo ulivyo leo," alisema, "saa tisa na robo, dirishani hapo, bila kuongezwa kitu."

Chiriku aliichukua picha, akashuka nayo ngazi zote hadi nje kwenye jua, akaiinua karibu na mkono wake na kuanza kulinganisha mwenyewe. Mama Mabango alibaki dirishani juu, akingoja.